Kidonge cha Usingizi Katika Safari Ndefu ya Ndege: Kutoka Mpanda Hadi Guangzhou

Msafiri anayeomba dawa ya usingizi kwa ajili ya ndege huwa na hoja moja: saa za kukaa kitini ni nyingi, na akilala zote atashuka akiwa mzima. Hoja hiyo ingekuwa sahihi kama kiti cha ndege kingekuwa kitanda, na kama safari ingekuwa usiku mmoja usiokatika. Kwa mtu anayetoka Mpanda hakuna hata moja kati ya hayo mawili. Ndiyo maana inafaa safari yake ifuatwe saa kwa saa kabla ya kuzungumza juu ya dawa yoyote.

Tumchukue, kwa mfano tu, mfanyabiashara mwanamke wa miaka hamsini na miwili anayefuata vipuri vya mashine za kukoboa mpunga huko Guangzhou, kusini mwa Uchina. Ana urefu wa sentimita 156, uzito wake umezidi kidogo, na hana ugonjwa anaoujua. Anaondoka Mpanda kwa basi, anapita Tabora na Dodoma, na anafika Dar es Salaam baada ya zaidi ya kilomita elfu moja za barabara. Kesho yake anapanda ndege saa kumi na moja jioni. Anafika Doha saa tano usiku, anangoja saa tatu, anaondoka saa nane usiku, na baada ya takriban saa nane angani anatua Guangzhou. Saa yake ya mkononi inasema saa nne asubuhi, lakini ya ukutani inasema saa tisa alasiri, kwa kuwa Uchina imeitangulia Tanzania kwa saa tano.

Swali la kwanza analopaswa kuulizwa na mtoa dawa halihusu dawa. Ni hili: "Mama, katika safari hii yote, ni wapi utapata saa nane za kulala bila kuamshwa?"

Jibu ni kwamba hatazipata popote. Kipande cha kwanza kina saa sita, lakini karibu saa mbili za mwanzo humezwa na kupaa, taa kuwaka na chakula kugawiwa, na nusu saa ya mwisho ni ya kushuka. Kinachobaki ni saa tatu na nusu. Kipande cha pili kinaonekana kirefu zaidi, ila nacho hutanguliwa na mlo, kisha abiria huamshwa kwa kifungua kinywa kama saa mbili kabla ya kutua. Hapo atapata saa nne na nusu, tano akibahatika. Kati ya vipande hivyo viwili anatakiwa awe macho kabisa: ashuke, asome ubao wa safari, apite ukaguzi, alinde mkoba wenye fedha na pasipoti, na apate lango sahihi katika uwanja ambao huenda hajawahi kuukanyaga.

Sasa tuziangalie dawa zenyewe. Inayojulikana zaidi kwetu ni diazepamu, ambayo wengi bado huiita Valiamu. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari, lakini mara nyingi msafiri huwa amegawiwa na jirani au ndugu aliyebakiwa nayo. Inaingia kwenye ubongo haraka, na kwa sababu hiyo mtumiaji huiona kuwa dawa nzuri. Tatizo lake ni kutoka. Mwili huchukua kati ya saa 20 na 50 kuondoa nusu yake tu. Tena ini linapoivunja huzaa kemikali nyingine yenye nguvu ileile ya kulegeza, na nusu ya hiyo yaweza kukaa hadi saa 100. Mfanyabiashara wetu akimeza miligramu 10 saa nane usiku pale Doha, atatua Guangzhou akiwa na zaidi ya nusu ya dawa mwilini. Kesho yake atakapokuwa akikagua vipuri na kuhesabu malipo, bado atakuwa nayo ya kutosha kupunguza umakini wake, ingawa mwenyewe atasema usingizi umekwisha. Kwa mzee, au kwa mwenye ini dhaifu, muda huo hurefuka zaidi.

Piritoni, ambayo ni klorofeniramini, huonwa kuwa haina neno kwa kuwa hupewa hata watoto wenye mafua. Hata hivyo huleta usingizi mzito usioburudisha, hukausha mdomo katika hewa ya ndege ambayo tayari ni kavu, na uzito wake kichwani waweza kudumu hadi siku ya pili. Promethazini ni hivyohivyo, na huzidi kidogo.

Zolpidemu ilitengenezwa ili iwe fupi. Nusu yake hutoka kwa muda wa saa mbili na nusu hivi, na watu wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo dawa ya ndege. Lakini ufupi huo ni wa kulinganisha tu. Maelekezo yake yanamtaka mtumiaji awe na saa saba hadi nane za kulala mbele yake. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza kipimo kinachopendekezwa kwa wanawake kipunguzwe kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa wanawake huitoa dawa hii mwilini polepole kuliko wanaume, na baadhi yao walikutwa asubuhi wakiwa na kiasi cha kutosha kuharibu uwezo wao wa kuendesha gari. Mwaka 2019 mamlaka hiyohiyo iliongeza onyo kali kuhusu watu wanaoinuka, kutembea, kula na hata kuendesha gari wakiwa usingizini. Ndani ya ndege mtu wa namna hiyo ataonekana mlevi au mgomvi, wala hatakumbuka alichofanya.

Jambo hili la kusahau lastahili kukaliwa kidogo. Mwaka 1987 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha habari za wanasayansi watatu, wote wataalamu wa ubongo, waliosafiri usiku kwa ndege kwenda Ulaya. Kila mmoja alimeza triazolamu, dawa fupi ya jamii ya diazepamu, na walikunywa pia kileo. Walishuka, wakapita uhamiaji, wakaendelea na shughuli zao na kuzungumza na watu kama kawaida. Baadaye waligundua kwamba saa kadhaa za siku hiyo hazimo kabisa katika kumbukumbu zao. Hawakuwa wamepoteza fahamu. Ubongo wao ulikuwa ukifanya kazi bila kuweka akiba. Mtu anayeamshwa kabla dawa haijaisha, kama abiria wa Doha anavyoamshwa, yumo katika hatari hiyohiyo. Kwa mtu aliyebeba mtaji wa familia, kupoteza kumbukumbu ya saa tatu za uwanja wa ndege si jambo la kuchekesha.

Kwa hiyo saa ya kumeza ina kanuni zake. Asimeze akiwa sebuleni akingoja kuitwa, wala mara tu akaapo kitini. Ndege huchelewa, hurudi kwenye maegesho, na wakati mwingine abiria hutakiwa kushuka. Mtu aliyekwisha kumeza hataweza kufuata amri ya dharura. Kama daktari ameridhia dawa, imezwe baada ya ndege kutulia angani na taa ya mikanda kuzimwa, mkanda ukiwa umefungwa juu ya blanketi ili asiamshwe, na iwapo tu saa zilizobaki kabla ya kutua zinazidi zile ambazo dawa inahitaji. Kwa safari ya vipande viwili kama hii, kanuni hiyo peke yake inaliondoa suala la kidonge. Kwa ndege moja ya saa kumi na nne, kama zile za kutoka ghuba ya Uarabuni kwenda Amerika, kuna nafasi ya kulifikiria. Hata huko dawa iwe imejaribiwa kwanza nyumbani, usiku ambao kesho yake mtu hana kazi wala gari la kuendesha, ili ijulikane inamfanyia nini.

Tuje kwenye kiti, maana hapa ndipo madhara makubwa yalipo na ndipo yanaposahauliwa. Mtu anayelala kitini bila dawa hulala kwa kukatizwa. Mguu ukifa ganzi huusogeza, shingo ikiuma hugeuka, kibofu kikijaa huinuka. Usumbufu huo ndio kinga yake. Kidonge huuzima, na mwili hubaki kama ulivyoachwa kwa saa nne au tano, magoti yakiwa yamekunjwa na ukingo wa kiti ukikandamiza nyuma ya goti, mahali mshipa mkubwa wa vena unapopita. Damu ya miguuni hupandishwa na misuli ya shavu la mguu inapokaza na kulegea. Misuli isipofanya kazi, damu hutuama, na damu iliyotuama yaweza kuganda.

Jambo hili lilionekana kabla safari ndefu za ndege hazijawa jambo la kawaida. Mwaka 1940, London iliposhambuliwa kwa mabomu, watu walilala kwenye mahandaki wakiwa wamekaa juu ya viti vya kukunja vya turubai. Mtaalamu wa maiti Keith Simpson aliona vifo vya ghafula vilivyotokana na madonge ya damu yaliyotoka miguuni na kuziba mishipa ya mapafu, na akakitilia shaka kiti kilichobana mapaja usiku kucha. Katika miaka yetu, utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mwaka 2007, ulikuta kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi huongeza hatari ya donge la damu takriban mara mbili. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, kiasi cha mtu mmoja kati ya 6,000. Lakini utafiti huo haukuhusu ndege pekee. Basi, gari na treni vilikuwa na hatari ya namna hiyohiyo.

Kwa msafiri wa Mpanda hoja hiyo ni nzito. Yeye hahesabiwi saa zake kuanzia Dar es Salaam, bali kuanzia stendi ya Mpanda. Anapopanda ndege miguu yake imekwisha kukaa siku nzima na zaidi ndani ya basi. Mfanyabiashara wetu anayo pia mambo mawili ya kuongeza: uzito, na kimo chake. Watu warefu sana hubanwa magoti, ila wafupi chini ya sentimita 160 nao wamo hatarini zaidi, pengine kwa sababu nyayo zao hazigusi sakafu vizuri na uzito wa mguu huangukia ukingo wa kiti. Dawa yake ni rahisi: mkoba uwekwe chini ya nyayo mpaka mapaja yainuke kidogo kutoka kwenye ukingo. Achague kiti cha pembeni mwa njia, asiwe wa dirishani anayeona haya kuwaamsha wenzake. Akunje na kunyoosha vifundo vya miguu mara ishirini hivi kila saa awapo macho, na atembee kila baada ya saa moja au mbili. Mwenye hatari iliyoongezeka avae soksi za kubana zinazofika chini ya goti, zenye mkandamizo wa milimita za zebaki 15 hadi 30, zilizopimwa zimtoshe, maana soksi iliyojikunja huwa kamba. Aspirini haipendekezwi kwa kazi hii. Aliyewahi kupata donge la damu, mwenye saratani, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito au aliyejifungua ndani ya wiki sita, na anayemeza vidonge vya majira vyenye estrojeni, wote waonane na daktari kabla ya safari. Hao kidonge cha usingizi kitini wasipewe.

Kuna madhara madogo ya kiti ambayo mhudumu wa afya aweza kukutana nayo. Mtu aliyelala na mkono ukining'inia juu ya egemeo huamka kiganja kimelegea, hawezi kukiinua. Aliyebana goti pembeni huamka mguu ukiburuta kidole. Mara nyingi mshipa wa fahamu umekandamizwa tu na utapona kwa siku au wiki, lakini lazima kiharusi kiondolewe shaka kwanza.

Kichwa nacho kikianguka mbele, kidevu kikagusa kifua, koo hupungua upana. Hapo ndipo kileo kinapoingia. Hewa ndani ya ndege hubanwa ili ifanane na ya mahali palipo mita 1,800 hadi 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani abiria yumo kama aliyepelekwa Njombe au juu ya hapo kidogo. Oksijeni ya damu hushuka, na kwa mzima haimsumbui. Mwaka 2024 watafiti wa kituo cha anga cha Ujerumani, huko Kolon, walichapisha jaribio lao kwa vijana wenye afya. Baadhi walilala katika chumba cha hewa ya kawaida na wengine katika hewa iliyopunguzwa kama ya ndege, wakiwa wamekunywa kiasi cha bia mbili hivi au bila kunywa. Waliolala katika hewa ya ndege bila kileo walikuwa na oksijeni ya takriban asilimia 88. Waliokunywa walishuka hadi asilimia 85, na mapigo ya moyo yakapanda kutoka 73 hadi karibu 88 kwa dakika. Hao walikuwa vijana, tena wamelala kitandani, tena bila kidonge.

Kidonge cha usingizi na kileo hushika mahali pamoja katika ubongo, na nguvu zake hujumlishana: pumzi hupungua kina, misuli ya koo hulegea, na kumbukumbu huzimika. Chupa ndogo ya mvinyo inayogawiwa bure pamoja na chakula huonekana si kitu, na abiria huichukua kwa kuwa imo ndani ya nauli. Lakini kwa aliyemeza kidonge, au anayekusudia kumeza, kiasi salama ni sifuri. Hata bila kidonge, kileo humlaza mtu upesi kisha humwamsha katikati ya usingizi akiwa na kiu. Mwenye kukoroma sana na kukatika pumzi usingizini, mwenye ugonjwa wa mapafu, na anayetumia tramado au dawa nyingine kali za maumivu, kwao mchanganyiko huu waweza kuua.

Mfanyabiashara wetu basi afanye nini? Ndani ya ndege asinzie kama atakavyojaliwa, kwa kitambaa cha macho, vizibo vya masikio na mto wa shingo unaozuia kichwa kisianguke mbele. Akifika Guangzhou alasiri, mwili wake uko saa nne asubuhi, hivyo kukaa macho hadi saa tatu au nne usiku wa huko si kazi kubwa, ukiondoa uchovu. Taabu yake halisi itaanza kitandani hotelini na kuendelea usiku wa pili na wa tatu, maana saa nne usiku ya Guangzhou ni saa kumi na moja jioni ya Mpanda. Huko ndiko msaada wa usingizi una mahali pake, kwa kuwa kitanda kipo na saa nane zipo. Melatonini, miligramu 0.5 hadi 5, imezwe saa ya kulala ya huko kwa siku chache za mwanzo. Ikimezwa saa isiyo yake huchelewesha mwili kuzoea. Mwenye kifafa au anayetumia wafarini asiinze bila daktari. Mwanga wa jua nao una saa yake: siku ya kwanza aepuke mwanga mkali kabla ya saa tatu asubuhi, kisha atoke nje hadi mchana. Mwili hujisogeza kama saa moja kwa siku, kwa hiyo mazungumzo ya bei na kutia saini mikataba, ikiwezekana, yasiwekwe siku ya kwanza.

Kama daktari amemwandikia dawa, aibebe katika pakiti yake yenye jina lake pamoja na barua. Diazepamu na tramado ni dawa zinazodhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, na anayeingia huko nazo bila kibali aweza kukamatwa.

Wakati wa kurudi kosa hubadilika sura. Msafiri humeza kidonge kwa kuwa "sasa nakwenda nyumbani", anatua Dar es Salaam, na siku hiyohiyo anashika usukani au anapanda basi la Mpanda. Alale kwanza Dar usiku mmoja. Baada ya diazepamu, siku mbili bila usukani wala pikipiki si nyingi.

Na mhudumu wa zahanati ya Katavi ndiye atakayemwona wiki mbili baadaye akilalamika kwamba mguu mmoja umejaa, au anahema na kifua kinachoma anapovuta pumzi, pengine amekohoa damu. Homa kidogo yaweza kuwapo, na kipimo cha malaria kitakuwa cha kwanza kufikiriwa. Kifanyike, lakini aulizwe pia kama amesafiri saa nne au zaidi ndani ya wiki nane zilizopita. Kisha ichukuliwe futi ya fundi cherehani. Kila mguu upimwe mzunguko sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa wa muundi kilicho chini ya goti. Tofauti inayozidi sentimita 3 ni dalili ya kutiliwa uzito, ingawa miguu iliyolingana haimwondoi mtu hatarini. Mguu usikandwe wala kuchuliwa. Mwenye kuhema apewe oksijeni kama ipo na apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa siku hiyohiyo kwa kipimo cha mawimbi ya sauti na dawa ya kuzuia damu isigande, na barua ya rufaa itaje safari, tarehe zake, na kidonge alichomeza.